TAHADHARI: AKAUNTI YA KATIBU IMETEKWA, MSITUME PESA

Ndugu wanakikoba, akaunti ya dada yetu katibu imetekwa tangu saa 2 asubuhi. Nimeongea naye kwa sauti: yuko salama, mtoto wake hajalazwa popote. Ule ujumbe wa "naomba laki mbili haraka, nitarudisha jioni" si wake. Hata namba ya kupokelea inaleta jina la mwanaume tusiyemjua.

Alipigiwa na mtu aliyejifanya fundi wa mtandao, akamtajia zile tarakimu 6 zilizoingia kwa meseji. Jamani tusimlaumu, ameumia sana.

Akaunti hiyo nimeshaitoa kundini. Aliyekwisha kutuma awapigie huduma kwa wateja sasa hivi, aombe muamala uzuiwe, kisha anipigie mimi. Tarakimu hizo usimpe yeyote, hata nikikuomba mimi.

Mweka hazina