Kwa Wazazi na Walezi wa Gredi 4, 5 na 6: Tathmini Endelevu

7 Januari 2026

Wazazi na walezi wapendwa,

Salaam. Kuanzia muhula huu hatutawapa watoto mitihani ya kufungua na kufunga muhula, wala ripoti haitaonyesha mtoto ameshika nambari ya ngapi. Mwalimu atampima mtoto muhula mzima, kazi kwa kazi.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini mazoea yake yalibaki madarasani. Mtoto anakesha akikariri sehemu za mmea, anapata 88, na likizo ikiisha hakumbuki kazi ya mizizi. Hiyo 88 haikumwambia mzazi lolote.

Chukueni somo la Kilimo, Gredi 5. Kila kikundi kitapanda sukuma wiki kwenye gunia nyuma ya madarasa. Watoto watapima urefu wa miche kila Ijumaa, waandike vipimo, wachore grafu, kisha waeleze mbele ya wenzao kwa nini miche fulani ilidumaa. Mwalimu ataangalia nani anapima sawasawa na nani anabahatisha, na ataandika maoni siku hiyohiyo. Kazi zitawekwa katika faili ya mtoto, nanyi mtaruhusiwa kuipekua wakati wowote.

Ripoti itatumia viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Chini ya kila kiwango mwalimu ataeleza anachoweza mtoto na kinachomtatiza. Tafadhali yasomeni maelezo hayo kabla ya kuuliza jirani wake wa dawati amepata nini.

Wengi mmeniuliza kama watoto wataachwa nyuma. KPSEA ya Gredi 6 ingalipo, na huchangia asilimia 20 ya alama za kuingia sekondari ya juu. Tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 huchangia asilimia 20 nyingine, na KJSEA ya Gredi 9 asilimia 60. Majaribio mafupi ya Hisabati na lugha yataendelea pia. Jedwali la kuzidisha bado litajulikana kwa moyo!

Nina ombi moja, na nalisisitiza: msimfanyie mtoto kazi. Mwalimu anahitaji kuona kosa lake ili ajue pa kumsaidia. Kazi nadhifu iliyofanywa na mama usiku wa manane inamficha mtoto. Wala msinunue vifaa vya bei. Boksi kuukuu, vizibo na magunia vinatosha, na asiye navyo atavipata shuleni. Mtoto asirudishwe wala asikae nyumbani kwa sababu ya kifaa.

Tukutane Ijumaa, 16 Januari, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa shule. Walimu wa madarasa watakuja na mifano ya faili na ripoti mpya. Asiyeweza kufika siku hiyo anaweza kuniona ofisini Jumanne au Alhamisi baada ya saa tisa alasiri.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu