Barua ya Kuomba Kuhamisha Umiliki wa Kiwanja cha Marehemu kwenda kwa Warithi

Athumani Mbwana Kiroboto,
Ngamiani Kati, Barabara ya 12,
Tanga.

11 Februari 2025

Msajili wa Hati Msaidizi,
Ofisi ya Ardhi Mkoa wa Tanga,
Tanga.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KUHAMISHA UMILIKI WA KIWANJA NA. 86, KITALU "C", NGAMIANI KATI, JIJI LA TANGA (HATI NA. 4127) KUTOKA KWA MAREHEMU SALEHE MBWANA KIROBOTO KWENDA KWA WARITHI WAKE

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mdogo wa marehemu na ndiye aliyeniachia usia niwe wasii wake. Alifariki 3 Machi 2024. Mjane alipotoka eda ukoo ukakaa kikao, na tarehe 2 Septemba 2024 Mahakama ya Mwanzo Tanga Mjini ikaniteua kuwa msimamizi wa mirathi yake katika Shauri la Mirathi Na. 58 la 2024. Madeni yamelipwa kwa fedha ya pikipiki yake, kubwa likiwa la saruji. Mahakama imekwisha kupokea orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, na shauri lilifungwa 20 Januari 2025. Kilichobaki ni nyumba hii.

Naomba mambo mawili. Kwanza, nisajiliwe mimi kama msimamizi wa mirathi kwa mujibu wa kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334. Pili, baada ya hapo umiliki uende kwa warithi kwa hati ya ridhaa niliyoisaini. Kama taratibu zenu zinaruhusu yote mawili kupokelewa kwa pamoja, nitashukuru, maana mjane ana miguu mibovu na saini yake ameshaitoa.

Mgawanyo umefuata sheria ya Kiislamu. Wazazi wa marehemu walishatangulia. Mjane, Bi. Mwanahamisi Juma, anapata thumuni, yaani 1/8. Watoto wa kiume, Mbwana na Hamisi, kila mmoja 2/8. Watoto wa kike, Zainabu, Asha na Rukia, kila mmoja 1/8. Naomba wasajiliwe kama wamiliki wenye hisa, hisa ya kila mmoja ikiandikwa wazi kwenye daftari. Wasiandikwe umiliki wa pamoja ambao akifa mmoja sehemu yake inawaendea waliobaki. Hilo tulilijadili kwenye kikao na wote sita walisisitiza.

Naambatanisha:

1. Hati miliki halisi, ya miaka 99 kuanzia 1 Januari 1987. Kona ya juu kulia imeliwa na mchwa (ilikuwa sandukuni chini ya kitanda), ila maandishi, ramani na muhuri vinasomeka vyote.
2. Cheti cha kifo cha RITA, nakala iliyothibitishwa. Halisi ninayo, nitaionyesha dirishani.
3. Fomu Na. IV ya mahakama, yaani hati ya usimamizi wa mirathi, pamoja na Fomu Na. V na Na. VI zenye muhuri wa mahakama.
4. Nakala ya wosia na muhtasari wa kikao cha ukoo wa 20 Julai 2024, wenye saini za wote waliohudhuria.
5. Hati ya ridhaa ya kuhamisha umiliki, nakala tatu, imeshuhudiwa na wakili.
6. Kiapo cha majina. Hati miliki inasema "Saleh Mbwana" na cheti cha kifo kinasema "Salehe Mbwana Kiroboto". Ni mtu mmoja; karani wa wakati ule aliandika alivyosikia.
7. Hati ya uwakilishi ya Rukia, anayefanya kazi Muskati. Ameisaini mbele ya afisa wa Ubalozi wa Tanzania huko, na amemteua Zainabu amwakilishe.
8. Stakabadhi za kodi ya pango la ardhi mpaka mwaka 2024/25. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, hivyo haina stakabadhi ya peke yake. Nimeweka risiti za umeme za miezi mitatu zinazoionyesha.
9. Nakala za vitambulisho vya NIDA na picha za pasipoti mbili mbili, za kwangu na za warithi wote.

Nyumba haina rehani wala zuio ninalolijua. Hata hivyo naomba mfanye upekuzi kabla ya kusajili, na mkiona lolote mniarifu.

Mkishakagua, naomba kumbukumbu namba ya malipo ya ada zote nikalipe kwa mkupuo mmoja. Kikikosekana kiambatisho, Mbwana, mtoto mkubwa wa marehemu, atakileta. Yeye yuko hapa Tanga kila siku. Bi. Mwanahamisi anaendelea kukaa kwenye nyumba, hivyo afisa akitaka kuikagua atamkuta.

Wako mtiifu,

(saini)

Athumani Mbwana Kiroboto
Msimamizi wa Mirathi ya Marehemu Salehe Mbwana Kiroboto

Nakala: Bi. Mwanahamisi Juma, kwa niaba ya warithi.