Yah: Nafasi ya mhasibu msaidizi – ombi la mwongozo na kuulizia nafasi zijazo

Dada Neema,

Habari za kazi.

Nimepata barua pepe yako kuhusu nafasi ya mhasibu msaidizi kwenye ile kampuni ya uwakala wa forodha ya Kurasini. Asante kwa kunijulisha, na zaidi kwa kutaja sababu, maana waombaji wengi huwa tunaachwa tukisubiri simu isiyopigwa. Umesema mteja wenu amemchukua mtu aliyekwisha kufanya kazi ya hesabu za mizigo. Siombi uamuzi huo uangaliwe upya. Wewe ndiye unayekaa na waajiri wa sekta hii na kuwasikia wanachokitaka, kwa hiyo naomba unielekeze nianzie wapi.

Jaribio la kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki halikunisumbua. Mambo yalibadilika meneja wa fedha aliponiuliza kama nimewahi kufunga faili la mzigo, nami nikasema bado. Maswali yake mengine yote yalitoka humo: fedha anazoweka mteja ili alipiwe ushuru na tozo za bandari zinaingizwa wapi, amana ya kontena inadaiwaje kwa wakala wa meli, na kontena likichelewa kurudishwa kwa sababu nyaraka zilikwama ofisini, ile gharama inaandikwa kwa nani. La kwanza nalijua kwa kanuni: fedha hizo si mapato ya kampuni, mapato yake ni ada ya uwakala. Hayo mawili mengine sidhani kama yapo kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni. Yanajulikana kwa kuyafanya.

Kwa sasa natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbagala. Kila jioni nalinganisha ripoti ya mashine ya EFD na fedha za droo na miamala ya simu, naandaa ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, na kodi ya mishahara ya vijana wa duka inalipwa kabla ya tarehe 7. Wauzaji wa saruji wanatudai na mafundi tunawadai, kwa hiyo kufuatilia madeni nimekuzoea. Kwenye wasifu wangu niliandika mstari mmoja tu kuhusu kazi hii, kwa kuwa ni duka la mtu binafsi na halina barua rasmi ya ajira. Je, mwenye duka akiniandikia barua inayoeleza majukumu yangu, waajiri wako wataihesabu kama uzoefu, au wataiona ni kazi ya mtaani tu? Nijibu bila kunionea haya.

Swali jingine linahusu fedha, kwa sababu siwezi kulipia kila kitu kwa mpigo. Nimejipanga kufanya mitihani ya NBAA ya Novemba, ngazi ya kati. Kuna rafiki yangu anasisitiza niahirishe, ada hiyo niipeleke kwenye mafunzo ya uwakala wa forodha, nijue nyaraka na mfumo wa forodha kwanza. Mwingine anasema nijifunze TallyPrime vizuri, kwa kuwa hadi sasa nimetumia QuickBooks na Excel pekee. Kwa nafasi ya ngazi ya chini kama ile, ni kipi kati ya hivyo kinachomfanya meneja wa fedha asimame kwenye wasifu wa mtu asiye na uzoefu? Kama jibu ni kwamba hakuna hata kimoja, na kinachotakiwa ni kukaa miezi kadhaa ndani ya ofisi ya forodha kwa kujitolea, hilo nalo ningependa kulijua mapema.

Kuhusu nafasi zijazo: je, mnatarajia kupokea nafasi za makarani wa hesabu au wahasibu wanafunzi katika miezi ijayo? Hata kazi ya muda ya kupanga mafaili na risiti wakati kampuni inajiandaa kwa ukaguzi nitaifanya. Si lazima iwe Dar es Salaam. Tanga naweza kuhamia, Tunduma pia, na Kwala ndiyo karibu zaidi. Naomba vilevile uniambie kama wasifu wangu unabaki kwenye orodha yenu au natakiwa kuomba upya kila nafasi inapotangazwa. Nimeuambatisha ukiwa na maelezo kamili ya kazi ya dukani.

Najua una barua nyingi za kujibu. Ukiona simu ni rahisi kuliko kuandika, nipigie kwa namba iliyo kwenye wasifu. Mchana duka huwa limetulia kuanzia saa saba hadi saa tisa.

Wako katika kazi,

Baraka
Mwombaji, nafasi ya mhasibu msaidizi