Nafasi ya Mtafiti na Tafakuri: Mwalimu Anayechunguza Darasa Lake Mwenyewe

Kazi ya kozi ya Mbinu za Utafiti wa Kimaelezo, Shahada ya Uzamili katika Elimu

Utafiti huu unauliza swali moja: wanafunzi wa Kidato cha Pili huamuaje kuuliza, kujibu au kunyamaza katika kipindi cha Baiolojia? Unafanyika katika shule ya sekondari ya kutwa ya serikali, Manispaa ya Temeke, Dar es Salaam. Darasa lina wanafunzi 64, wasichana 37 na wavulana 27. Darasa hilo ni langu: ninalifundisha Baiolojia vipindi vinne kwa wiki na ndimi mwalimu wa darasa. Kwa hiyo ukimya ninaouchunguza, kwa kiasi nisichoweza kukipima kabla ya kuanza, nimeutengeneza mimi mwenyewe.

Katika sehemu hii ninaandika "mimi" na si "mtafiti". Desturi ya kuandika "mtafiti aliona" huleta staha, lakini hapa ingeficha jambo lenyewe: aliyeona ndiye aliyekuwa ameshika chaki.

Wa ndani kwa nani?

Robert Merton, katika makala yake ya mwaka 1972, alionesha kwamba mtu hawi wa ndani au wa nje moja kwa moja, kwa kuwa kila mmoja ana hadhi nyingi kwa wakati mmoja. Darasani kwangu hilo linaonekana haraka. Kwa walimu wenzangu mimi ni wa ndani: najua ratiba, najua mwalimu wa zamu hufunga geti saa ngapi. Kwa wanafunzi mimi ni wa ndani ya chumba tu. Sikai upande wao wa dawati.

Hadhi tatu zinabeba uzito zaidi. Ya kwanza ni kalamu nyekundu. Ninasahihisha majaribio yao, na alama ninazojaza huingia katika upimaji endelevu. Mwanafunzi anayeombwa na msahihishaji wake "ajitolee" hana uhuru mkubwa wa kukataa, hata barua ya ridhaa iandikwe kwa upole kiasi gani. Ya pili ni daftari la mahudhurio. Mimi ndiye ninayeandika nani amechelewa, na wengi huchelewa kwa sababu konda wa daladala amewaacha kituoni kwa vile nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Anayeingia kipindi cha kwanza akiwa ameshagombezwa getini hanyooshi mkono, na ukimya wake hauna uhusiano wowote na Kiingereza. Ya tatu ni adhabu. Kwa kanuni, viboko ni mamlaka ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mimi sina idhini hiyo wala sijaiomba, ila mwanafunzi hatofautishi sana aliyeidhinishwa na ambaye hakuidhinishwa. Anaona walimu.

Kuna pia lugha. Nimekulia Mwanza, wanafunzi wengi wamekulia Mbagala na Tandika. Sote tunasema Kiswahili, lakini neno wanalolitumia mara nyingi kueleza sababu ya kunyamaza, "kuchapia", mimi nilikuwa nalisikia kama utani tu. Kwao ni tukio kamili: kukosea unapotema ung'eng'e mbele ya wenzako, kisha kuzomewa, kisha jina la kosa kukufuata hadi muhula uishe. Kama ningelitafsiri haraka kuwa "kukosea", nusu ya maana ingepotea. Ndiyo sababu misimbo yote inawekwa kwenye maneno ya Kiswahili yaliyosemwa, na tafsiri itafanywa mwishoni tu, kwa nukuu zitakazohitajika.

Ninachokiamini tayari

Ninaingia nikiamini kwamba chanzo kikuu cha ukimya ni lugha ya kufundishia: mtoto amesoma masomo yake shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza. Imani hii inanipendeza mno, kwa sababu inaniondolea lawama. Nimeiandika hapa pamoja na kitu kitakachoivunja: ikiwa katika vipindi ninaporuhusu Kiswahili waziwazi wanafunzi walewale wataendelea kunyamaza, basi maelezo yangu hayatoshi, na jicho lirudi kwangu na kwa wenzao wanaozomea. Katika majaribio ya wiki mbili dalili hiyo imeshajitokeza. Kipindi cha mzunguko wa damu kilichofundishwa kwa lugha zote mbili kilipata maswali mengi zaidi, lakini yalitoka viti vilevile vya mbele.

Nani anajua nini, na lini

Ukusanyaji wa data ni wa wiki nane, kuanzia katikati ya Julai. Kanuni inayoongoza mpangilio mzima ni kwamba nisijue nani amekubali na nani amekataa mpaka nitakapokuwa nimekabidhi alama za muhula kwa mwalimu wa taaluma, mwishoni mwa Septemba.

Wanafunzi wako chini ya miaka 18, kwa hiyo inahitajika ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na ukubali wa mwanafunzi mwenyewe, na mmoja akikataa, jibu ni hapana. Fomu ziko kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Zinarudishwa zikiwa zimekunjwa katika sanduku lenye kufuli maktaba, na kila mwanafunzi hurudisha fomu, aliyekubali na aliyekataa, ili kurudisha kwenyewe kusitoe siri. Ufunguo anao mwalimu msaidizi, anayefundisha Kiswahili. Halifundishi darasa hili wala hayumo katika kamati ya nidhamu.

Msaidizi atachagua wanafunzi 12 kwa kura ya vikaratasi kutoka kwa waliokubali na kuwahoji kwa dakika 20 hadi 25 kila mmoja. Mahojiano ni Jumanne na Jumatano baada ya vipindi, yaishe kabla ya saa 9 alasiri ili wawahi daladala. Ijumaa imeachwa kwa sababu ya swala. Siku hizo mimi huwa na masomo ya ziada ya Kidato cha Nne katika jengo jingine, kwa hiyo sioni nani anaingia maktaba. Msaidizi ananakili sauti, anaondoa majina, kisha ananikabidhi maandishi baada ya alama kukabidhiwa. Sauti sitazisikia kabisa. Ninapoteza vituo, vicheko na kigugumizi, na ni hasara ya kweli, lakini ninazitambua sauti za watoto hawa hata nikiwa nimefumba macho.

Kwa upande wa ushuhudiaji, ninatumia ramani ya viti yenye namba 1 hadi 64. Kila kipindi ninaweka alama: swali, jibu la kujitolea, jibu la kuitwa, Kiswahili au Kiingereza. Mwishoni msaidizi atafuta safu za viti vya waliokataa kabla ya uchambuzi. Mpango huu una tundu: najua vizuri nani anakaa kiti namba 23, na safu ikifutwa nitajua alikataa. Kinachozuiwa ni mimi kujua wakati bado nina kalamu nyekundu mkononi.

Usiri nao una mpaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka anayejua kuwa mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, na mwanafunzi anaambiwa hivyo kabla kinasa sauti hakijawashwa.

Jina la shule halitajwi, lakini jina langu liko juu ya kazi hii, na anayenifahamu anaijua shule. Mwanafunzi aliyefichwa kwa jina bandia ndani ya darasa linalojulikana amefichwa nusu. Kwa hiyo sitataja mkondo, nitabadilisha vitambulisho visivyogusa hoja (idadi ya ndugu, timu anayochezea), na nukuu ambayo darasa zima lingeitambua haitatumika hata ikiwa tamu.

Shajara na namna inavyoharibika

Shajara ni daftari la mistari lenye kurasa zilizogawanywa kwa wima. Kushoto ni kilichotokea, kulia ni nilichohisi na kudhani. Inaandikwa ndani ya dakika 15 baada ya kipindi, kwa dakika 10, chumba cha walimu au chini ya mwembe kukiwa na makelele. Ikiandikwa Jumapili usiku kwa kalamu moja na mwandiko mmoja inakuwa hadithi iliyonyooka, na utafiti hauna faida nayo. Hatari ya pili ni shajara kugeuka kitubio: kurasa za "nilikuwa mkali leo" zisizobadilisha uamuzi wowote. Kila Jumamosi ninaandika ukurasa mmoja unaojibu swali moja tu: ni nini katika mpango au misimbo kimebadilika wiki hii kwa sababu ya safu ya kulia?

Mfano kutoka wiki ya pili ya majaribio:

Kushoto: "Nimeuliza kazi ya vena. Sekunde kama nne. Hakuna mkono. Nimejibu mwenyewe. Nimesema 'Tumeelewana?' Wamejibu kwa pamoja 'Ndiyo mwalimu!'"

Kulia: "Leo ni wavivu. Nina haraka, mada mbili nyuma."

Jumamosi "wavivu" lilifutwa kwa sababu halimo katika safu ya kushoto. Kilichomo ni sekunde nne. Tangu hapo ramani ya viti ina safu ya muda wa kusubiri, ninaohesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Vivyo hivyo msimbo "woga", niliouweka kwenye majibu ya maandishi ya majaribio, umebadilishwa kuwa "kupima hatari": mwanafunzi aliyeandika "nasubiri mwingine achapie kwanza" haogopi tu, anapiga hesabu.

Kurudisha matokeo kwa wahusika

Lincoln na Guba (1985) waliweka kurudisha tafsiri kwa washiriki kuwa njia muhimu ya kuthibitisha uaminifu wa matokeo. Mwalimu akilifanya hilo mbele ya darasa lake atapata "Ndiyo mwalimu!" ileile ya kwenye shajara. Badala yake, washiriki 12 watapewa na msaidizi karatasi yenye maelezo mawili yanayopingana kuhusu ukimya, A na B, yote yakiwa yameandikwa kwa nguvu sawa na bila kuonesha ni lipi langu. Watachagua moja, au watakataa yote mawili, na kuandika sababu bila jina. Wakigawanyika, mgawanyiko huo utaripotiwa kama ulivyo.

Mkuu wa shule ameruhusu utafiti na ndiye mkubwa wangu wa kazi. Nimekubaliana naye kwa maandishi kwamba atasoma muhtasari, hatasoma nukuu, na hataomba orodha ya waliohojiwa. Nakala ya makubaliano hayo iko kwa msaidizi, pamoja na ufunguo wa sanduku.