Nafasi ya Kazi: Fundi Dawa Msaidizi (nafasi 1), Zahanati ya Mwembe Mmoja, Kihonda, Morogoro

Zahanati ya Mwembe Mmoja ni zahanati binafsi iliyopo Kihonda, Manispaa ya Morogoro. Tunatoa huduma za wagonjwa wa nje, maabara ndogo, kliniki ya mama na mtoto, na kliniki ya kisukari na shinikizo la damu kila Jumatano. Wagonjwa wameongezeka na dirisha la dawa limezidiwa, hasa jioni. Tunatafuta fundi dawa msaidizi mmoja, mwanamke au mwanaume, aanze kazi Jumanne tarehe 1 Septemba 2026.

Chumba cha dawa kinaongozwa na fundi dawa sanifu, na tayari kuna msaidizi mmoja. Atakayeajiriwa atakuwa mtu wa tatu.

Kazi yenyewe

Sehemu kubwa ya siku utakuwa dirishani: unapokea cheti cha daktari, unakisoma, unahakikisha jina, umri na uzito, unahesabu dawa, unaandika bahasha, kisha unamweleza mgonjwa. Hilo la mwisho ndilo tunalolitazama kuliko yote. Kuandika "1x3" juu ya bahasha na kuisukuma dirishani hakutoshi. Mama aliyebeba mtoto mwenye malaria anatakiwa aondoke akijua kwamba dozi ya pili ya dawa ya mseto ni baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza, si kesho asubuhi. Kwamba dawa inywewe baada ya kula au kunyonya. Na kwamba mtoto akiitapika ndani ya nusu saa arudie. Akishaelezwa, unamwomba akueleze yeye. Akikosea unaanza upya, hata kama foleni imefika kwenye benchi la nje.

Mbali na dirisha, utajaza leja na kadi za stoo kila siku, utapanga rafu ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, utasoma joto la friji asubuhi na jioni (insulini yetu inakaa kati ya nyuzi 2 na 8) na kuliandika kwenye jedwali la ukutani. Umeme ukikatika, kuna jenereta; kuiwasha ni kazi ya mlinzi, lakini kuhakikisha friji imerudi kwenye joto lake ni kazi yako. Mgonjwa akileta taarifa ya madhara ya dawa, utamsaidia kujaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kuhesabu stoku yote hufanyika siku ya mwisho ya mwezi, na siku hiyo tunahesabu watu watatu pamoja.

Kuna jambo tunalisema mapema ili asije mtu akashangaa mwezi wa pili. Dirisha letu halitoi antibiotiki bila cheti, na halikati nusu dozi. Kihonda watu wanafahamiana, kwa hiyo utaombwa. Jirani yako atakuja saa 3 usiku na kusema, "Nikatie nusu tu, nyingine nitachukua mwisho wa mwezi." Tunamhitaji mtu anayeweza kukataa ombi hilo kwa heshima, kisha akampeleka mgonjwa kwa tabibu wa zamu ili waone kama kuna dawa ya bei nafuu zaidi. Ukimkaripia mgonjwa umekosea, na ukimkatia nusu dozi umekosea zaidi.

Elimu na leseni

Mwombaji awe na Astashahada ya Sayansi ya Famasi, ngazi ya NTA 5, kutoka chuo kinachotambuliwa na NACTVET, na awe ameorodheshwa na Baraza la Famasi kama fundi dawa msaidizi. Leseni yake iwe hai siku ya kuomba na siku ya kuanza kazi. Tutaihakiki wenyewe kwa Baraza kabla ya kutoa barua ya ajira, kwa hiyo majina kwenye leseni, cheti cha chuo na cheti cha kidato cha nne yafanane. Kama umebadili jina, ambatisha hati ya kiapo.

Kama leseni yako imeisha muda na uko kwenye hatua za kuihuisha, usikate tamaa. Leta risiti ya malipo yenye kumbukumbu namba; tutakuita kwenye usaili kama wengine. Ila hutakaa dirishani hata siku moja kabla leseni haijatoka, na tukilazimika kuchagua kati yako na mwenye leseni mkononi mnaolingana, tutamchukua yeye.

Cheti cha mtoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu pekee hakitoshi kwa nafasi hii. Tunaheshimu kazi hiyo na tunajua wengi walioifanya miaka mingi wanazijua dawa vizuri, lakini sifa ya nafasi hii ni astashahada. Vivyo hivyo kwa wahudumu wa afya na wauguzi wasaidizi: tafadhali msubiri matangazo yanayowahusu.

Halafu kuna suala la vyeti vya kukodisha. Kama leseni yako imetundikwa ukutani kwenye duka la mtu mwingine huku wewe hufanyi kazi hapo, iondoe kabla ya kuleta maombi. Tutauliza swali hilo kwenye usaili, na tutauliza pia kwa Baraza. Mwenye kazi halisi ya muda mahali pengine aseme wazi, tuone kama zamu zinaoana.

Uzoefu wa mwaka mmoja kwenye zahanati, kituo cha afya au famasi utapewa uzito, lakini si sharti. Aliyemaliza chuo karibuni mwenye mwandiko unaosomeka na hesabu zisizoyumba ana nafasi sawa. Kompyuta: uwe unaweza kuingiza dawa kwenye mfumo na kuhakiki kadi ya bima, mengine tutakufundisha.

Zamu

Zahanati hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 4:00 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana. Utapokezana zamu na msaidizi mwenzako, wiki moja moja:

- Wiki ya asubuhi: saa 1:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi unapumzika. Jumapili unashika zamu fupi, saa 2:00 hadi saa 8:00.
- Wiki ya jioni: saa 8:00 mchana hadi saa 4:00 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili unapumzika.

Kila zamu ya saa 8 ina saa moja ya mapumziko ya chakula, hivyo wiki haizidi saa 42 za kazi. Ukomo wa sheria ni 45. Ile saa moja ambayo zamu mbili zinakutana, saa 8 hadi saa 9, ni ya kukabidhiana: mnahesabu pamoja dawa za kwenye kabati la funguo, mnasaini daftari wote wawili, na anayeondoka anataja wagonjwa walioahidiwa kurudi. Atakayeondoka bila kusaini, zamu yake haijaisha.

Jioni utakuwa peke yako dirishani. Tabibu na muuguzi wa zamu wapo jengoni, na fundi dawa sanifu anapatikana kwa simu hadi tunapofunga. Kabati la funguo hufunguliwa na watu wawili, wewe na tabibu.

Kuanzia saa 2:00 usiku ni kazi ya usiku kisheria, na saa hizo mbili za mwisho zinalipiwa nyongeza ya asilimia 5. Kusema kweli nyongeza hiyo kwa mwezi ni shilingi elfu tatu hivi, haimpeleki mtu mbali. Ndiyo maana zahanati inalipia pia bodaboda ya kukurudisha nyumbani ukimaliza zamu ya jioni, kwa dereva tunayemfahamu, mradi unaishi ndani ya manispaa.

Kubadilishana zamu kunaruhusiwa kwa maelewano, ila iandikwe kwenye ratiba siku moja kabla. Ukifanya kazi sikukuu ya kitaifa, unalipwa mara mbili. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.

Mshahara na stahili

Mshahara ghafi ni shilingi 480,000 kwa mwezi. Baada ya mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 na kodi ya mapato, mkononi utabaki na shilingi 419,000 hivi. Zahanati inachangia NSSF asilimia 10 nyingine. Mshahara huingia benki tarehe 28 ya kila mwezi.

Mkataba ni wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, na miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Tunakupa makoti mawili meupe, chai ya saa 4 au ya saa 11 kulingana na zamu, na chanjo ya homa ya ini B kama hujachanjwa. Ada ya kuhuisha leseni yako kila mwaka tunailipa sisi baada ya kumaliza kipindi cha majaribio.

Wengi huuliza juu ya makato ya upotevu. Stoku ikipungua, tunahesabu upya mbele yako na tunapitia leja kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Hakuna makato ya kimyakimya hapa. Lakini leja isiyojazwa siku tatu mfululizo ni kosa hata kama hakuna kidonge kilichopotea.

Namna ya kuomba

Leta mwenyewe, au kwa mtu unayemwamini, bahasha yenye:

- barua ya maombi ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa mkono (tunataka kuuona mwandiko wako, kwa sababu ndio utakaokuwa kwenye bahasha za dawa);
- maelezo binafsi yenye namba ya simu inayopatikana;
- nakala za vyeti vya kidato cha nne na chuo, leseni, na namba ya NIDA;
- majina na simu za wadhamini wawili, mmoja awe aliyewahi kukusimamia kazini au kwenye mafunzo kwa vitendo.

Bahasha zinapokelewa mapokezi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwisho ni Ijumaa tarehe 14 Agosti 2026, saa 10:00 jioni. Utaandikiwa jina kwenye daftari na kusaini. Maombi ya WhatsApp hayatafunguliwa.

Watakaochaguliwa watapigiwa simu kabla ya usaili wa Alhamisi tarehe 20 Agosti, saa 3:00 asubuhi. Njoo na vyeti halisi. Usaili una sehemu ya vitendo: utapewa vyeti vitano vya daktari, kimojawapo kikiwa na kosa, uvisome na ueleze ungefanya nini, utapiga hesabu ya dozi ya mseto kwa mtoto wa kilo 12, na utachanganya chupa ya amoksilini ya maji mbele yetu huku ukimweleza "mama mgonjwa", ambaye atakuwa muuguzi wetu, na huyo huuliza maswali mengi.

Hakuna ada ya fomu, ya usaili wala ya "kufuatilia jina". Atakayekuomba pesa kwa jina la zahanati hii hatoki kwetu. Kama una ulemavu na unahitaji mpangilio fulani siku ya usaili, mwambie dada wa mapokezi unapoleta bahasha.

Kufika: panda daladala za Kihonda kutoka Msamvu, mwambie konda akushushe Mwembe Mmoja. Fuata barabara ya vumbi upande wa kulia. Jengo letu ni la tatu, lina geti la kijani na benchi la saruji nje.

Mganga Mfawidhi
Zahanati ya Mwembe Mmoja
Kihonda, Morogoro
27 Julai 2026