Kufungua darasa la Google Classroom: kuanzia akaunti hadi kazi ya kwanza

Mfano tutakaoufuata ni Jiografia 2B, darasa la wanafunzi 42 ambao wengi wao wanatumia simu. Kulifungua ni kazi ya dakika tano. Panapohitaji utulivu ni kwenye akaunti za wanafunzi na namna ya kuambatisha faili, kwa sababu makosa ya hapo ni magumu kurekebisha baadaye.

Kulifungua

Ingia `classroom.google.com` kwa akaunti uliyopewa na shule. Bofya alama ya kujumlisha juu kulia, chagua Create class, kisha andika jina: `Jiografia 2B`. Jina ndilo la lazima. Sehemu nyingine unaweza kuziacha wazi. Usiandike "Darasa langu" au "Jiografia" peke yake, maana mwanafunzi mwenye masomo tisa atashindwa kujua lipi ni lipi.

Kabla hujamwalika mtu yeyote, fungua mipangilio kwa kubofya alama ya gurudumu la meno. Kwenye Stream, ukurasa wa matangazo ya darasa, chagua Students can only comment. Ukiacha wanafunzi 42 wabandike matangazo yao wenyewe, tangazo lako la asubuhi litakuwa limefukiwa kufikia mchana.

Kuwaandikisha wanafunzi

Msimbo wa darasa utauona kwenye mipangilio hiyo hiyo. Uandike ubaoni kwa maandishi makubwa yanayosomeka, kisha waelekeze: fungua programu, gusa alama ya kujumlisha, chagua Join class, andika msimbo bila kuacha nafasi.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mwanafunzi anaandika msimbo sahihi kabisa lakini anakataliwa. Mara nyingi tatizo ni akaunti: simu ni ya mzazi na imefunguliwa kwa akaunti ya mzazi, wakati darasa la akaunti ya shule halipokei akaunti za nje mpaka msimamizi wa mfumo aruhusu. Mwambie aguse picha ya wasifu juu kulia, asome anwani iliyopo, abadilishe akaunti, ndipo arudie msimbo.

Aliyebaki nyumbani mwalike kwa baruapepe kupitia People, kwenye alama ya kuongeza mwanafunzi. Jina lake litaonekana limefifia mpaka akubali mwaliko. Hesabu majina: yakitimia 42, rudi kwenye mipangilio uzime msimbo, usije ukasambaa nje ya darasa. Akija mwanafunzi mgeni utauwasha tena.

Kutoa kazi

Nenda Classwork, bofya Create, kisha Assignment. Maelekezo yaseme nini kifanyike, kiasi gani na kiletwe vipi. Kwa mfano:

> Kazi ya 1: Kusoma kontua. Tazama ramani iliyoambatishwa, jibu maswali 1 hadi 6 ndani ya nakala yako ya karatasi ya maswali, kisha bonyeza Turn in. Swali la 4 linahitaji mchoro: chora kwenye daftari, piga picha moja inayosomeka, uiambatishe.

Ukiambatisha faili kutoka Drive, utapewa chaguo tatu kando ya jina lake. Students can view file inafaa kwa ramani, kwa kuwa ni ya kusoma tu. Students can edit file inawapa wote faili moja; mmoja akifuta jibu la mwenzake, limefutika kwa wote. Karatasi ya maswali iwekee Make a copy for each student, kila mmoja apate nakala yake yenye jina lake. Chaguo hili lifanye kabla ya kubofya Assign. Kazi ikishatoka halipatikani tena, na itakubidi uifute na kuitoa upya.

Kuwa makini na saa ya mwisho. Skrini inatumia AM na PM, nasi tunahesabu saa kuanzia alfajiri: saa mbili usiku ni 8:00 PM. Ukiweka Ijumaa 12:00 AM ukidhani ni mwisho wa Ijumaa, muda utaisha usiku wa kuamkia Ijumaa, siku nzima kabla. Weka 11:59 PM. Kama hauko tayari kuitoa leo, bofya mshale ulio kando ya Assign uchague Schedule.

Baada ya kukusanya

Mwanafunzi akishawasilisha hawezi kuhariri faili yake mpaka abonyeze Unsubmit. Waonye mapema: akiiondoa na kuirudisha baada ya muda kupita, itahesabiwa imechelewa hata kama mara ya kwanza aliwahi.

Alama ulizoandika hazionekani kwa mwanafunzi mpaka ubofye Return. Darasa zima likilalamika kwamba hukusahihisha, anza kuangalia hapo.