Muhtasari wa Sera: Walimu Wafike na Wabaki Shule za Pembezoni

Kwa: Katibu Mkuu, TAMISEMI
Nakala: Tume ya Utumishi wa Walimu

Tunachopendekeza

Ikama ihesabiwe kwa kila shule na idadi ya madarasa yake, si kwa wastani wa halmashauri. Fedha za motisha ziambatane na kituo cha kazi, si na mtu.

Hali ilivyo

Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016, watoto wamemiminika shuleni nchi nzima. Walimu hawakusambaa hivyo. Mwalimu mpya hupangiwa kijijini, huripoti, na akishathibitishwa kazini huomba uhamisho: kumfuata mwenza, matibabu, masomo. Sababu hizo ni za kweli na hatumlaumu. Anayepangiwa kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kinachofikika kwa boti hulipwa mshahara uleule wa mwenzake wa daraja hilohilo aliyeko Kinondoni.

Kasoro kubwa zaidi imo kwenye kanuni yenyewe ya mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Chukua shule ya msingi yenye wanafunzi 210. Kwa kanuni hiyo inastahili walimu 5, na ikiwa nao, kwenye makaratasi haina upungufu. Lakini ina madarasa 7. Mwalimu anaandika hesabu ubaoni darasa la tatu, anakimbilia la nne, huku la kwanza, ambao ndiyo kwanza wanajifunza kushika penseli, wakiachwa na kiranja wa darasa la saba. Tunaamini hapo ndipo mtoto wa pembezoni anapopotezwa, miaka mingi kabla ya mtihani wa taifa.

Shule za mijini nazo zimefurika, hatukatai. Ila pale ambapo kinachokosekana ni vyumba, kuongeza mwalimu hakupunguzi msongamano.

Hatua

Kila shule ya msingi ipate kwanza mwalimu mmoja kwa kila darasa, pamoja na mwalimu mkuu. Kanuni ya 1:45 itumike baada ya hapo. Ajira mpya zijazo zianze kuziba mapengo hayo. Hatushauri kuwahamisha walimu wa mjini kwa nguvu: mwalimu aliyeletwa kwa adhabu hafundishi kwa moyo.

Posho ya kituo ilipwe kila mwezi pamoja na mshahara, na ikome mwalimu anapoondoka. Nyumba za walimu zijengwe kwanza katika vijiji visivyo na nyumba za kupanga; kwa mwalimu wa kike anayeishi peke yake, hilo ni suala la usalama.

Kibali cha uhamisho kianze kutumika mwalimu mbadala akisharipoti, isipokuwa kwa ugonjwa au hatari. Aliyetumikia pembezoni miaka mitatu apewe kipaumbele cha kuchagua kituo kinachofuata, na ahadi hiyo iandikwe kwenye barua yake ya kupangiwa kituo.

Tunaomba kigezo kipya cha ikama kiidhinishwe kabla halmashauri hazijaandaa bajeti ya mwaka ujao wa fedha.